Imeingia, Lakini Haifai

Kibandiko kilicho mgongoni mwa chaja ya kompyuta mpakato huandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote zilizomo nyumbani, zikiwemo za karatasi ya dawa. Humo mna nembo za ukaguzi za nchi kadhaa, pipa la taka lililopigwa msalaba, na kijumba kinachomaanisha kwamba chaja ni ya kutumika ndani, isianikwe mvuani. Mwenye kompyuta anaweza kuviacha vyote hivyo, kwa sababu yanayomhusu yako kwenye mistari miwili: mmoja unaanza na neno INPUT na mwingine OUTPUT.

INPUT huwatia watu hofu ya bure. Mara nyingi husomeka `INPUT: 100-240V~ 50-60Hz`, maana yake chaja hukubali umeme wowote wa ukutani kuanzia volti 100 hadi 240. Tanzania umeme wa majumbani ni volti 230, Kenya ni 240 na Marekani ni 120. Kwa hiyo chaja aliyokuja nayo shangazi kutoka Marekani haihitaji transfoma. Inahitaji plagi inayoingia kwenye soketi yetu ya matundu matatu, basi. Transfoma abaki nayo shangazi mwenyewe kwa ajili ya blenda yake, maana blenda iliyoandikwa 120V pekee ikichomekwa hapa husaga mara moja tu, tena hujisaga yenyewe.

Mstari wa OUTPUT ndio unaoamua mambo, na ndio usiosomwa. Hueleza umeme unaotoka kwenye ncha kwenda kwenye kompyuta, kwa mfano `OUTPUT: 19V 3.42A`. Tarakimu ya kwanza ni volti, yaani nguvu ya msukumo. Ya pili ni ampea, kiwango cha juu cha mkondo ambacho chaja inaweza kutoa bila kuzidiwa. Ukizidisha moja kwa nyingine unapata wati: 19 mara 3.42 ni karibu 65, na ndiyo maana chaja hiyo huitwa ya wati 65. Kompyuta nayo ina kibandiko chake upande wa chini, kinachotaja volti na ampea inazohitaji. Chaja ya kuazima hulinganishwa na kibandiko hicho. Kuilinganisha na kumbukumbu ya mwenye kompyuta kwamba "ya kwangu nayo ilikuwa nyeusi" hakusaidii.

Chukua mfano wa katibu wa kamati ya harusi. Bajeti yote imo kwenye kompyuta yake, chaja ameisahau ofisini, betri imebaki asilimia nne, na mwenyekiti ameshafungua kikao. Chini ya kompyuta pameandikwa 19V 3.42A, na tundu lake ni la duara, la milimita 5.5 kwa nje. Wajumbe wanamkusanyia chaja nne kwa ari kubwa kuliko waliyoonyesha kwenye michango.

Ya kwanza ni 19V 4.74A, wati 90. Wengi huikataa kwa kudhani kuwa itaunguza kitu, kumbe ndiyo nzuri kuliko zote. Volti zinalingana, na ampea za ziada hazilazimishwi kuingia: kompyuta huvuta kiasi inachohitaji, kama mgeni wa harusi asiyelazimika kumaliza sufuria la pilau kwa kuwa tu limepikwa kubwa.

Ya pili ni 19V 2.37A, wati 45. Volti ni sahihi lakini uwezo ni mdogo. Kompyuta itawaka na taa ya betri huenda ikawaka pia, ila kazi ikiwa nzito asilimia zinashuka huku alama ya kuchaji ikionekana, na chaja inapata moto hata haishikiki. Iliyotengenezwa vizuri hujizima ikizidiwa. Isiyo na kinga huendelea kuvumilia mpaka plastiki yake ianze kunuka, na hapo ajenda ya kikao hubadilika. Kwa dharura inafaa kuchaji kompyuta ikiwa imezimwa, polepole, juu ya sakafu ya saruji na si juu ya godoro.

Ya tatu imetoka kwenye king'amuzi, 12V. Kwa kawaida haitawasha chochote na haitaharibu chochote. Hatari iko upande wa pili. Ncha nyingi za king'amuzi na ruta nazo zina upana wa milimita 5.5, ila tundu lake la ndani ni 2.1, wakati la chaja ya kompyuta ni 2.5. Ncha ya 2.5 huingia kwenye ruta kwa kulegalega, na ruta ya volti 12 inapopelekewa 19 nyumba nzima hukosa intaneti. Atakayelaumiwa kwanza ni kampuni ya mtandao.

Ya nne ndiyo mtego. Imetoka kwenye printa ya stika za bei ya mjumbe mwenye duka: 24V 2.5A, wati 60. Wati zinakaribia 65, ncha ni ile ile ya 5.5 kwa 2.5, na inaingia kwa mlio mtamu wa "tak". Mtu anashangilia, "Imeingia!" Lakini volti zimezidi kwa 5. Tofauti ya nusu volti, kama 19.5 badala ya 19, kwa kawaida huvumilika. Ya volti 5 haivumiliki. Kompyuta yenye kinga nzuri itakataa na kubaki kimya. Nyingine itaunguza vipuri vya mlangoni, yaani fyuzi ndogo au transista zinazopokea umeme kwenye bodi. Dalili ni kwamba hata chaja yake halisi ikirudi, taa haiwaki tena. Fundi mwenye mita hupima na kubadilisha kipuri kimoja bahati ikiwepo. Isipokuwepo, bei ya bodi inazidi bajeti ya keki.

Ncha basi ni ushahidi dhaifu. Kuna hata zinazofanana kwa kila kipimo na bado hazielewani. Dell na HP za miaka fulani zilitumia ncha moja ya milimita 7.4 yenye sindano katikati. Sindano hiyo haileti umeme wa kuchaji. Hupeleka utambulisho wa chaja, na kila kampuni ina njia yake. Kompyuta ya Dell isipoitambua chaja hutoa ilani kwenye skrini, hukataa kuchaji betri na hupunguza mwendo. Sindano ikipinda au ikikatika matokeo ni yale yale, ingawa chaja ni orijino, kwa hiyo itazamwe kabla ya kununua nyingine.

Chaja za Taipu-C zimepunguza balaa hili, kwa kuwa chaja na kompyuta hukubaliana volti kwanza, kuanzia 5 na kupanda mpaka 20 kwa kompyuta nyingi. Kilichobaki kuangaliwa ni wati na waya: waya wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, na zaidi ya hapo unahitajika ulioandikwa 5A au 100W.

Anayekwenda dukani apige picha ya kibandiko cha chini ya kompyuta na cha chaja iliyokufa, abebe na chaja yenyewe kwa ajili ya ncha, kisha adai volti zile zile na wati zisizopungua. Muuzaji akijibu kwamba "hii inaingia zote", asome OUTPUT kabla ya kutoa pesa.