Jina la Kanga Chini ya Picha

Sikukuu ya Idi dada yangu alipiga picha ya studio: gauni la kijani, mkono kiunoni, kidevu juu. Akaiweka stetasi, na chini yake akaandika jina la kanga, kwa herufi kubwa na bila nukta kama lilivyo kwenye nguo: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Pilau haijaiva, wifi yake keshapiga simu, anataka kujua ni maneno gani hayo aliyoyasema yeye. Jirani, ambaye hasa ndiye aliyelengwa, alituma makopa matatu mekundu na kumwambia amependeza.

Kanga haimwingizi mtu katika balaa hili. Jina limekaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo, na mwanamke akijifunga, mara nyingi maneno huangukia nyuma. Mlengwa anayasoma mwenye nguo keshapita. Akimfuata kumuuliza, jibu lipo tangu enzi za bibi zetu: mimi nilipenda maua tu, maneno kaandika kiwanda. Nani atabisha?

Picha haina pa kujificha. Uso unamtazama msomaji, na maneno kila mtu anajua umeyachagua mwenyewe, ukayaandika kwa kidole chako. Tena kidevu kilichoinuliwa kimeshasema "siogopi mtu". Ukirudia kwa maandishi, si fumbo tena, huo ni ugomvi.

Kwa hiyo uso wa kujiamini upewe jina la upole. Picha ileile ya dada, ukiiandikia WEMA HAUOZI, mtaa mzima utakesha ukijiuliza nani alitendewa wema akasahau. Maneno makali, kama HASIDI HANA SABABU, yaweke chini ya picha ya kucheka, meno yote nje. Hapo hasidi ataumia na hatakuwa na pa kushika.

Dada hakungoja ushauri. Alifuta lile la simba akaweka MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Tatizo ni kwamba picha ilikuwa imekatwa pembeni, na bega la shemeji lilikuwa bado linaonekana. Shemeji, mtu mpole asiye na stetasi, siku hiyo aliazima simu ya mtoto ili asome vizuri.

Njia salama kuliko zote ni kuachana na kuandika, ukajitanda kanga yenyewe. Ikunje mpaka jina lije kifuani, maana ukiiachia mabegani maneno yatabaki mgongoni na picha ni ya mbele. Mtu akiuliza, ulipenda maua. Ila kabla hujairusha, hakikisha jina zima limeingia. Shangazi yetu mmoja alijitanda ile ya simba, mpiga picha akakata upande, na hadi leo ukutani kwake anaonekana kakunja uso, kifua mbele, na maandishi: NAOGOPA SIMBA.