Ratiba Haimjui Shangazi

Aliyebuni ratiba ya kudurusu hakuwahi kuwa na binamu. Itazame hiyo inayobandikwa ukutani kwenye madarasa ya jioni: Jumatatu kodi, Jumanne ukaguzi, Jumatano hesabu za kampuni, siku zote sawasawa, hakuna kisanduku cha kesha la hina wala cha kuandama kwa mwezi.

Mimi ni mtahiniwa wa bodi ya uhasibu. Mitihani yetu ina misimu miwili, Mei na Novemba, nami nimeshika Mei. Kwa kuwa Ramadhani imeangukia Februari na Machi, mwenzangu wa kazini, mtu wa bara, alinipa hongera. "Mfungo unaisha mapema, bwana. Aprili yote yako."

Aprili yangu! Huyo hajakaa Tanga. Huku ndani ya mwezi mtukufu watu hawafanyi harusi, basi zote husukumwa pembeni: nyingine zinabanana Shaabani kabla ya kuvunja jungu, zilizobaki zinasubiri Mfungo Mosi. Kwa mwanafunzi, Ramadhani haichukui mwezi mmoja. Inachukua mitatu, na katika hiyo mitatu, wenye utulivu ni Ramadhani yenyewe.

Sisemi mzaha. Ramadhani ina saa zake zinazojulikana. Usiku baada ya futari sahau: tumbo lina mihogo ya nazi na tambi, kisha tarawehe, ukirudi kitabu kinakusoma wewe. Alasiri nayo mtu anaangalia saa tu. Lakini ukishakula daku na kuswali alfajiri, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo hadi saa moja kichwa kiko wazi, na simu hailii kwa kuwa ukoo wote umerudi kulala. Karatasi yetu ni ya saa tatu kwa alama 100, yaani dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la alama 20 linakula dakika 36. Maswali mawili yanaingia kabla ya kwenda kazini, tena yale magumu, ya kuunganisha hesabu za kampuni mama na tanzu. Usomaji mwepesi uachie mchana. Na kama wewe ni mtu wa kahawa, anza kuipunguza wiki moja kabla ya mfungo, la sivyo siku za mwanzo kichwa kitakugonga hata jina la kampuni tanzu usilione.

Kisichoingia hapo ni karatasi nzima ya saa tatu mfululizo, na bila kuifanya mara kadhaa hutajua kama mkono wako unawahi muda. Hiyo inataka Jumamosi. Jumamosi za Ramadhani unamalizia usingizi wa wiki. Idi usiipangie kitu, maana mwezi unaweza kuwa wa 29 au 30, na kwetu shangazi mmoja anafuata mwezi wa hapa, mwingine mwezi wa popote ulipoonekana, kwa hiyo pilau inaliwa siku mbili na zote unatakiwa uonekane. Zinabaki Jumamosi za Mfungo Mosi. Ndizo hizo zenye harusi.

Ya binamu yangu ilianza Alhamisi kwa hina, Ijumaa nikahi, Jumamosi kupamba, Jumapili walima. Jumatatu ilikuwa ya kurudisha masufuria ya watu. Ningekuwa fundi seremala ningepangiwa kupasua kuni na saa nne asubuhi nimeshamaliza. Lakini shangazi alisimama mbele ya kamati akasema, "Mwanangu huyu si msomi wa hesabu? Mpeni daftari la michango."

Daftari lilikuwa na ahadi za shilingi 4,000,000. Taslimu mkononi, 1,700,000. Nikaona angalau nitadurusu humo humo, maana hili ni somo la IFRS 9: mdaiwa asiyetarajiwa kulipa unamkadiria mapema, husubiri mpaka azime simu. Majina mengine yalikuwa na ahadi za harusi mbili nyuma, hazijalipwa. Nikakata nusu ya zile 2,300,000 zilizobaki, nikamwambia mwenyekiti tupike kwa 2,850,000.

"We kijana," akasema, "usituletee nuksi kwenye shughuli ya watu."

Wakapika kwa milioni nne. Walaji hawakupungua hata mmoja, wakiwemo wale wa ahadi, ambao walibeba na vya kufungasha. Sasa muuza mchele ananipigia mimi kila alfajiri, saa ileile iliyokuwa ya maswali mawili.

Nina Jumamosi moja tu iliyobaki kabla ya mtihani, na kadi ya harusi ya jirani imeshaletwa. Sadaka ya chakula nitakuja kula. Daftari, tafadhalini, mpeni mtu aliyeshindwa hesabu darasa la nne. Ahadi zenu atazipokea kwa moyo mweupe kuliko mimi.