Nilisema Kuku ni Mgumu

Katika hoteli moja hapa Kitale bili haiji peke yake siku hizi. Inafuatana na karatasi ya maoni, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na weita anayesimama begani mwako kama msimamizi wa mtihani. Ukijaza, pamoja na jina na nambari ya simu, unapewa soda. Soda sijawahi kuikataa. Nikaandika: "Mrenda ni mtamu sana! Nimekumbuka kwa mama. Lakini kuku ni mgumu, na ugali ulitangulia mboga ukapoa."

Baadaye nikakuta bango mlangoni: "Mtamu sana! Nimekumbuka kwa mama." Chini yake jina langu. Juu yake picha ya kuku.

Shemeji yangu wa Bungoma, Mbukusu ambaye kwake kuku si jambo la mzaha, alipita, akalisoma, akaingia, akaagiza. Alinipigia simu akiwa bado mezani. "Shemeji, hii ndiyo kuku ulisifu? Ama ulilipwa?"

Nilikwenda kwa meneja. Akaniambia kwa upole, "Lakini mzee, si ni maneno yako?" Kweli, kila neno ni langu. Yaliyobaki kwenye karatasi pia yalikuwa yangu, ila hayo hayakupata nafasi mlangoni. Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa shughuli aliyoambiwa, na ukizitaka kwa biashara umwombe idhini. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga Casa Vera, kilabu cha Nairobi, faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Meneja akasema hiyo ni Nairobi.

Basi nikaomba niione tena ile karatasi, na hapo ndipo nilipoelewa. Swali la kwanza: "Ni nini kilichokufurahisha zaidi?" Hilo halikuulizi kama ulifurahi, linakuomba sentensi ya bango. La pili: "Je, chakula na huduma vilikuwa vizuri?" Sasa mtu aliyekula vizuri baada ya kusahauliwa saa nzima atie alama wapi? Halafu kuna vikatuni vitatu vya nyuso: anayecheka, anayetabasamu, na mwingine anayetabasamu kidogo. Wa kununa hayupo.

Hata hesabu yake ina kichekesho. Tuseme kwa siku wanaingia watu 200, na 20 wanajaza. Kati ya hao 20, 18 wanatia alama kwenye uso unaocheka, kwa sababu weita anaangalia na soda bado iko mkononi mwake. Bango litasema wateja 9 kati ya 10 wamefurahi. Wale 180 waliolipa wakaenda zao, pamoja na aliyeapa harudi tena, hawamo popote. Kwa bango haidhuru sana; bango kazi yake ni kujisifu. Balaa ni kwamba karatasi hizo hizo ndizo zinazopelekwa jikoni kuamua tupikiwe nini.

Ndivyo tulivyopoteza matumbo. Swali la mwisho linauliza ungependa chakula gani kiongezwe. Nani ataandika "matumbo" juu ya jina lake na nambari yake ya simu? Watu waliandika piza. Kuandika piza ni bure. Kuila ni shilingi mia kadhaa. Meneja alipoona hakuna aliyetaja matumbo, akayaondoa, akanunua oveni. Wachukuzi wa mahindi, ambao walikuwa wakijaza benchi la nyuma kila saa sita na hawakuwahi kugusa ile kalamu, wamehamia kibanda cha ng'ambo ya barabara.

Angetaka kujua ukweli, asingehitaji hata soda moja. Kitabu cha oda kinamwambia ni nini kinachoombwa na ni saa ngapi kinaisha. Kisha kuna kijana anayekuja jioni na ndoo kuchukua makombo ya nguruwe wake. Huyo nilimuuliza. Zamani, alisema, ndoo ilikuwa mifupa na ugali kidogo. Matumbo hajawahi kuyaona humo hata kipande. Sasa anabeba kingo za piza, na mapaja ya kuku yaliyoumwa mara moja yakaachwa.

Nilimwomba meneja mambo mawili tu: maswali ya jikoni yawe kwenye karatasi isiyo na jina, na anayetaka maneno yake yapigiwe debe aulizwe kando, aoneshwe sentensi nzima kabla haijachapishwa. Alisikiliza, akaandika, akanishukuru kwa maoni. Wiki hii karatasi mpya zimetoka. Kweli kuna kisanduku: "Ninakubali maneno yangu yatumike katika matangazo." Alama ya vema imeshachapishwa ndani yake, kwa wino ule ule wa swali.