Ijumaa Iliyokwisha Jumamosi Saa Nne

Vijana wawili wanaendesha chaneli moja ya YouTube. Mmoja ana studio ya picha Ngara mjini, mwenzake anarekodi harusi na kwaya Biharamulo. Sehemu kubwa ya watazamaji wao wako humuhumu Kagera, lakini wanaowapa moyo ni ndugu walioko Columbus, jimbo la Ohio, ambao wakiona ngoma ya kwao wanaitazama mara tatu na kuwatumia wenzao.

Jumamosi moja ya Juni, saa mbili kamili asubuhi, wa Ngara alirusha video ya ngoma ya Wahangaza. Jumamosi iliyofuata ikawa zamu ya Biharamulo na kwaya yake. Ripoti za siku ya kwanza zilipokuja, kwaya ilikuwa imeiacha ngoma mbali kiasi cha kutia aibu. Kibaya zaidi, kwenye orodha ya nchi za siku ile ya kwanza, ngoma haikuwa na mtazamaji hata mmoja kutoka Marekani.

Wa Ngara alihitimisha kwamba shangazi yake wa Columbus amewagomea. Akampigia simu palepale, saa nne asubuhi, kuuliza kosa lake. Huko ilikuwa saa tisa usiku. Shangazi, aliyedhani ni habari ya msiba, alitaja makosa kadhaa, na la ngoma halikuwamo.

Mwenzake naye alikuwa na maelezo yake: picha ya jalada. Kwaya ilikuwa na sare za manjano, na manjano, alisema, huvuta jicho. Kwa wiki nzima wanakwaya wengine wa Biharamulo walishauriwa kununua vitambaa vya manjano.

Hakuna aliyeangalia tarehe. Kwenye grafu ya YouTube Studio, video ya ngoma iliyorushwa Jumamosi ilianza kutazamwa Ijumaa. Mtu akiona watazamaji wamefika kabla ya video, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza ni Ijumaa ya nani.

Ni Ijumaa ya Kalifornia. Ripoti za kila siku za YouTube hukata siku kwa saa za Pasifiki, yaani saa sita kamili usiku za huko pwani ya magharibi ya Marekani. Sisi tuko mbele yao kwa saa 10 wakati wa kiangazi chao, na saa 11 wakati wa baridi yao. Kwa hiyo mwezi Juni, siku ya ripoti huanza Ngara saa nne asubuhi na kwisha kesho yake saa nne asubuhi. Anayekunywa chai saa mbili Jumamosi bado anahesabiwa Ijumaa.

Ngoma basi ilipewa "siku ya kwanza" ya saa mbili tu, kuanzia saa mbili hadi saa nne. Saa hizo Columbus ilikuwa saa saba hadi saa tisa usiku, shangazi amelala fofofo. Alipoamka, akatazama, lakini utazamaji wake uliandikwa Jumamosi, siku ya pili ya ripoti, ambayo wa Ngara hakuifungua kwa uchungu.

Na kwaya? Hapa ndipo Rusumo inapoingia. Wa Biharamulo alikuwa amelala mpakani baada ya kurekodi harusi, akaipangia video itoke yenyewe saa tatu na nusu asubuhi. Simu yake ilikuwa imedaka mtandao wa ng'ambo ya mto, na Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Video ikatoka saa nne na nusu za Tanzania, nusu saa baada ya siku mpya kuanza, ikajipatia siku ya kwanza ya saa 23 na nusu, na jioni yote ya Columbus ndani yake. Ingetoka saa aliyoitaka, ingekuwa na nusu saa tu, hata kama kwaya nzima ingevaa dhahabu.

Walipozipima upya kwa saa 24 tangu kila moja iliporushwa, badala ya kwa tarehe, tofauti ilipungua sana. Ngoma ndiyo iliyotangulia, kidogo tu. Kwa wiki dhidi ya wiki, mpaka huo wa saa nne hauwasumbui. Unameza asubuhi moja huku na kuirudisha kule. Unaouma ni ulinganisho wa siku moja na siku moja.

Sasa wamehamisha ugomvi. Jumapili ya kwanza ya Novemba, Marekani hurudisha saa nyuma, na siku hiyo ya ripoti huwa na saa 25. Ile ya pili ya Machi huwa na 23. Wa Biharamulo tayari ameiomba ya Novemba. Wa Ngara amemkubalia, kwa sharti kwamba achukue na ya Machi.