Mama, Mbona Huyu Amepakwa Unga?

Mama mkwe alikuwa amekaa dirishani na kapu la viazi miguuni, shemeji Mwiti nyuma yetu, na mimi nimempakata Kendi, ambaye ana miaka minne na sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Matatu ilikuwa karibu kujaa pale Makutano, mjini Meru, tayari kushika barabara ya Maua hadi kwetu Nchiru. Akaingia kijana mwenye kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu na begi la vitabu, mmoja wa wale wanaoshukia lango la chuo kikuu. Alikuwa na ualbino. Akaketi kiti kilichotazamana na ubavu wetu, akavua kofia.

"Mama! Mbona huyu anko amepakwa unga uso mzima?"

Matatu nzima ilinyamaza, kisha watu watatu wakamjibu mtoto kwa pamoja. Mama mkwe alimfinya paja na kumwambia afunge mdomo. Mama mmoja wa nyuma akasema kwa ukali, "Usicheke kilema, hujafa hujaumbika!" Mwiti akacheka puani. Kendi, aliyekuwa amefinywa bila kuelezwa kosa, akalia kwa nguvu zaidi: "Lakini ana unga! Hata kwa nywele!"

Nilimgeuza, uso wangu ukaelekea wake, nikamjibu kwa sauti ileile aliyoulizia, si kwa kunong'ona. "Si unga, Kendi. Ni rangi ya ngozi yake. Mwili wake hutengeneza rangi kidogo sana, ndiyo maana ngozi na nywele zake ni nyeupe. Alizaliwa hivyo." Halafu nikamtazama yule kijana: "Habari yako, ndugu. Huyu ni Kendi, anajifunza watu."

"Nzuri," akasema. "Hujambo, Kendi."

Hayo yote hayakuchukua hata nusu dakika. Sauti ndiyo sehemu ambayo wazazi wengi huiogopa, nami naishikilia. Swali likiulizwa mbele ya abiria wote na jibu likatolewa sikioni, kila aliyesikia anabaki na swali bila jibu, na yule anayezungumziwa anabaki akiwazia mnanong'ona nini juu yake. Watu wenye ualbino wa nchi hii wamesikia minong'ono ya kutosha. Wapo wanaoitwa "pesa" na vijana wa stendi, na huo si utani mtupu: mwaka 2010 mahakama ya Mwanza, Tanzania, ilimfunga Mkenya aliyempeleka huko kijana mwenye ualbino ili amuuze. Mtu aliyekua akijua hayo, akisikia kimya cha ghafla na mtu akisema "shhh" upande wake, hafikirii kuwa ni mtoto tu aliyeona nywele.

Jibu lenyewe pia liwe fupi na la kweli. Mtoto wa miaka minne hacheki mtu. Anaeleza alichokiona kwa vitu anavyovijua, na Kendi anajua unga kwa sababu huniona nikichekecha unga wa chapati. Bado hawezi kukisia kwamba maneno yake yanamfikia mtu mwingine na kumchoma; uwezo huo ndio kwanza unachipuka katika umri wake. Kwa hiyo methali ya yule mama wa nyuma, ambayo naiheshimu sana inapomkemea mtu mzima mwenye dharau, hapa ilimpata mtu ambaye hajafanya dharau. Mbaya zaidi, ndani yake mna tishio: leo yeye, kesho wewe. Nitaeleza tishio la namna hiyo lilitufikisha wapi.

Yapo majibu mengine yanayoonekana mema nami huyaepuka. "Maskini, pole yake" humfanya mtu anayekwenda zake chuoni awe mwombolezewa mbele ya umati. "Ni malaika" humwondoa katika watu. Na simwambii mtoto, "Haya, muulize mwenyewe," maana huyo ndugu amelipa nauli ya kusafiri, hakuja kufundisha. Akipenda kusema, nampisha. Asipopenda, salamu yatosha, na mazungumzo yanahamia kwa ng'ombe walio kando ya barabara. Akikasirika, namwomba radhi mimi mzazi kwa maneno machache, bila kumsukuma mtoto ampe mkono huku analia.

Tulipofika njiani Kendi akauliza tena, maana kijana alikuwa ametoa simu na kuisogeza hadi karibu na pua. "Mbona anaibusu simu?" Safari hii alijibu mwenyewe, akitabasamu kidogo: "Sioni mbali vizuri. Nikiileta karibu ndiyo naona." Nikamwambia Kendi, "Umesikia. Hayo mengine tutaongea jioni nyumbani." Ahadi hiyo lazima itimizwe jioni ileile. Mtoto aliyeahidiwa na kusahauliwa hurudi kuuliza mbele za watu, kwa kuwa ameona ndipo hujibiwa.

Jioni, nikikatakata sukuma, tulimaliza. Chini ya swali la mtoto mdogo mara nyingi yamelala maswali mawili ambayo hajui kuyauliza: je, inauma? Je, itanipata? Nikayajibu kabla hayajatamkwa. Haiumi, ila jua humchoma upesi, ndiyo maana ya kofia na mikono mirefu, na ya losheni ya kukinga jua ambayo serikali huigawa bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Macho yake hayavumilii mwanga mkali na hutikisika yenyewe, na hata miwani haiwezi kuyarekebisha kabisa. Nayo haiambukizi. Ukimshika mkono, ukila naye, ukikaa kiti chake, hubadiliki.

Baba yake Kendi, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, aliuliza lake: mbona wazazi wa watu wenye ualbino huwa weusi kama sisi? Nikamweleza kwamba baba na mama kila mmoja amebeba nakala mbili za jeni ya rangi, moja yenye hitilafu na nyingine nzima, na ile nzima inatosha kumpa rangi. Mtoto akirithi zile mbili zenye hitilafu, moja kwa kila mzazi, huzaliwa na ualbino. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba, uwezekano ni mmoja katika minne. Hakuna aliyecheka mtu, hakuna aliyelaaniwa, na mwanamke hakutoka nje ya ndoa, kama wanaume wengine walivyodai wakaziacha nyumba zao. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Nilimwonyesha Kendi picha ya Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama ya Rufaa, amevaa joho. Kilichomvutia Kendi ni joho.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mama mkwe alikuwa na jibu lake, na alimpa mjukuu wake kitandani wakati mimi naosha vyombo: ukimtazama sana mtu wa namna ile, au ukimcheka, utageuka uwe kama yeye. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyoambiwa yeye alipokuwa msichana, na lilimzuia kunyoosha watu vidole maisha yake yote.

Wiki ile tuliona mambo yasiyoeleweka. Kendi alianza kufunika uso kila tulipopita stendi. Alikataa kukaa kwenye matatu hadi nipanguse kiti. Kisha usiku mmoja akapiga yowe lililowaamsha majirani, nasi tukamkuta mbele ya kioo kidogo cha baba yake, ameshika shavu. "Nimeanza! Nimeanza kuwa mweupe!"

Ni kweli alikuwa na madoa. Yalikuwa mawili, mapana kama sarafu, yamepauka na kukauka kidogo, yale madoa ambayo mashavu ya watoto wengi huyapata na ambayo watu wa kwetu husema ni minyoo. Baba yake alitaka dawa ya minyoo usiku uleule. Mwiti alipendekeza magadi. Mama mkwe alikaa kwenye kiti, hakusema kitu.

Asubuhi tulimpeleka kliniki. Mhudumu aliyakagua kwenye mwanga, akauliza kama yanawasha, akapitisha ncha ya pamba juu yake kuona kama mtoto anahisi mguso, akatuambia ni ngozi kavu tu iliyopoteza rangi kwa muda. Tupake mafuta ya mgando asubuhi na jioni, tusimsugue kwa sabuni kali, na tusishangae yakichukua miezi kurudisha rangi. Hayana uhusiano wowote na ualbino, ambao mtu huzaliwa nao na haumwanzi ukubwani wala utotoni.

Ilichukua muda mrefu zaidi kuondoa hofu kuliko madoa. Ukitaka kujua kama jibu ulilompa mtoto limemtia elimu au woga, mwangalie siku zinazofuata. Aliyeelewa huendelea kutazama na kuuliza, kisha huchoka akaacha. Aliyetishwa hugeuza uso, hujipangusa, hukataa kiti. Watu wazima huona kugeuza uso huko wakasema, "Amejifunza adabu." Yule anayegeuziwa uso anajua si adabu. Ndiyo sababu sikukubali neno la nyanya lipite kimya, ingawa ni mama wa mume wangu. Nilimwambia tukiwa wawili, jikoni: "Mama, Kendi aliamini kila neno lako. Ndiyo maana alilia." Akanyamaza muda, kisha akaniuliza ni vipi basi mtoto atakatazwa kupiga kelele.

Hilo lilikuwa swali la haki. Tukapatana naye tumfundishe Kendi jambo moja: ukiona mtu ambaye hujawahi kuona mfano wake, nivute nguo, uniambie sikioni, nami nitakujibu. Tulifanya mazoezi nyumbani, nyanya akijifanya mgeni mwenye upara, mwenye mguu mmoja, mwenye kibyongo. Mtoto wa miaka minne atasahau mara nyingi, hasa akishtuka. Mwenye sita au saba aweza kukumbuka. Mpaka hapo kazi ya kujibu hadharani inabaki ya mtu mzima.

Siku ya soko la Nchiru tulisimama kwa mama mzee mwenye ndizi mbivu. Shingoni alikuwa na rovu la ukubwa wa embe. Kendi alinivuta gauni, akatangaza, "Mama, nataka kukunong'oneza!" kisha akanong'ona kwa sauti iliyofika kwa muuza vitunguu: "Amemeza nini kikakwama?"

Nilikuwa nafungua mdomo, mama mkwe akanitangulia. "Hajameza kitu," akamwambia Kendi, wazi, bila kumfinya. "Linaitwa rovu. Zamani chumvi yetu haikuwa na madini joto, shingo zetu zikavimba. Hata dada yangu alikuwa nalo." Kisha akamgeukia mwenye ndizi, wakasalimiana kwa Kimeru, wakaanza kuhesabiana umri: nani alikuwa ameolewa mwaka 1978, serikali ilipoagiza chumvi itiwe madini hayo, na nani alikuwa bado kwa baba yake. Mama yule alisema lake haliumi, ila siku hizi akilala chali hubanwa pumzi. Mama mkwe akamwambia hilo si la kungojea, aende hospitali apimwe, na yeye atamsindikiza Jumatatu.

Kendi alikuwa ameshaanza kula ndizi.