Kalamu Ukae Nayo au Umpe Mhasibu? Tuhesabu Kurudi Nyuma, Kutoka Maua hadi Runyenjes

Kila mwenye duka kuanzia Maua mpaka Runyenjes anakuambia hesabu zake ziko sawa. Ukimuuliza ziko wapi, anajigusa kichwa. Haya basi, tuanze na sababu nyepesi za kumlipa mhasibu wa siku chache kwa mwezi, tushuke hadi ile inayokula duka lenyewe.

6. Tayari una mhasibu, ila yuko saiba.

Yule kijana wa saiba anayekujazia ritani tarehe 30 Juni, foleni ikiwa imefika barabarani, unamlipa kama unavyomlipa wa fotokopi. Naye anakupa kazi ya thamani hiyo hiyo: anaandika sifuri. Sifuri ni sawa kwa mwanafunzi asiye na kazi. Kwako wewe uliyeuza mabati mwaka mzima na kutoa risiti za eTIMS, hiyo ni taarifa ya uongo yenye PIN yako juu. Risiti zinasema umeuza, ritani inasema umelala. Na neno la siri la iTax umemwachia kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, karibu na ratiba ya mechi.

5. Droo ya duka ni pia mfuko wa karo.

Hapa mhasibu hakusaidii, samahani. Ukitoa 3,000 za karo bila kuandika, atazitafuta mwezi mzima kisha akutoze kwa kuzitafuta. Andika kila siku mambo manne: mauzo ya pesa taslimu, ya M-Pesa, ya deni, na ulichochukua wewe mwenyewe. Hii kalamu usimpe mtu, hata ukiajiri mhasibu mwenye digrii tatu. La deni litazame zaidi, maana huku kwenye majani chai kila mtu anakopa kwa ahadi moja: "Bonasi ya Oktoba ikitoka." Bonasi hutoka. Kinachopotea ni mdaiwa.

4. Umemwajiri mtu wa kwanza.

Ulidhani umeongeza mikono, kumbe umeongeza tarehe. Mfanyakazi wa mshahara anakuja na NSSF, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba: asilimia 1.5 kutoka kwake na nyingine kutoka kwako. Haya yote yanataka kulipwa mapema mwezi unaofuata, karibu na tarehe 9. Mshahara wa 16,000 haufikii kiwango cha kukatwa PAYE, kwa hiyo wengi hupumzika hapo. Lakini ushuru wa nyumba nao hupitia ritani ya PAYE, na adhabu ya kuichelewesha ni 10,000 au asilimia 25 ya kodi, ile iliyo kubwa. Kwa mfanyakazi mmoja unaweza kujifunza mwenyewe jioni mbili. Wakifika wanne, lipa mtu; jioni zako zina kazi nyingine.

3. Unakaribia milioni 5.

Mauzo yanayotozwa VAT yakifika shilingi milioni 5 katika miezi 12, lazima ujisajili. Hiyo ni kama 417,000 kwa mwezi, na duka la vifaa vya ujenzi pale Makutano ya Meru hufika huko bila mbwembwe. Shida si kujisajili, ni kuchelewa kujua kwamba umefika. Unaweza kudaiwa asilimia 16 ya mauzo uliyokwisha fanya, na mteja aliyenunua saruji mwezi wa nne hatarudi kukuongezea. Ritani ni kila tarehe 20, hata kama hukuuza msumari. Hapa sibishani na mtu: lipa mhasibu.

2. Kila mwenye tai ni "mhasibu".

Mji wa Embu una wahasibu wengi kuliko vitabu vya hesabu. Kwa kuandika daftari na kulinganisha M-Pesa na mauzo, mtu aliyesoma uhasibu kidogo na mwenye uaminifu mwingi anatosha. Anayejiita CPA, mwulize nambari yake ya uanachama wa ICPAK, kisha uihakikishe kwa ICPAK wenyewe. Anayekujazia ritani kama kazi yake, mwulize kama ni wakala wa kodi aliyesajiliwa, kwa sababu iTax inakuruhusu kumteua wakala akafanya kazi kwa akaunti yake mwenyewe. Akisema, "Nipe tu neno la siri, bosi, ni haraka," mwambie hata mwizi hupenda haraka.

1. Unalipa TOT na hujui kama inakufaa.

Hii ndiyo yenyewe. Kodi ya mauzo ghafi, TOT, ni ya biashara zinazouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3, na hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20. Watu huipenda kwa sababu haitaki akili: chukua mauzo, zidisha, lipa. Ubaya wake ni kwamba haiulizi ulipata faida gani.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi pale Nkubu, tuseme linauza 300,000 kwa mwezi. Bidhaa zenyewe zimenunuliwa kwa 264,000, maana saruji na mabati havina faida nono. Zimebaki 36,000. Toa pango la duka 10,000, mfanyakazi 16,000, umeme na mengineyo 2,000. Mwenye duka ana 8,000. TOT yake ni 9,000. Ameamka mapema mwezi mzima ili apate hasara ya elfu moja, na serikali imepata mgao wake bila kubeba hata mfuko.

Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna barua ya kukataa TOT, ili atozwe kwa faida ya mwaka. Faida yake ya mwaka ni 96,000, na mtu binafsi asiye na mapato mengine halipi kodi ya mapato hadi apite 288,000. Deni lake linakuwa sifuri, tena sifuri ya halali, si ile ya saiba. Sharti ni vitabu vyenye kusomeka: mali iliyokuwepo mwanzoni na mwishoni mwa mwaka, na ankara ya eTIMS kwa manunuzi, kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi. Ukinunua kokoto kwa mdomo, umenunua faida ya kutozwa.

Sasa usikimbie kuandika barua. Kinyozi wa Embu anayeingiza 100,000 kwa mwezi na kubaki na 60,000 hulipa TOT ya 36,000 kwa mwaka. Akihamia kodi ya faida, atadaiwa zaidi ya 120,000. Akimwiga jirani wa Nkubu atanyolewa yeye.

Tofauti ya wawili hawa ni ile faida inayobaki katika kila shilingi ya mauzo, na huwezi kuijua bila daftari la nambari 5. Ndiyo maana nasema andika mwenyewe kila siku, kisha umlipe mtu saa chache za mwezi kusoma ulichoandika. Tuseme anataka 4,000: mwenye duka wa Nkubu anaokoa 9,000 kwa mwezi, na hata akilipa hiyo ada anabaki mbele kwa 5,000. Anayeuza sukuma wiki chini ya milioni moja kwa mwaka hayumo kwenye TOT. Abaki na kalamu yake na ritani ya Juni.

Na ukikutana na mhasibu anayekujazia TOT kabla hajauliza faida yako ni ngapi, usimlipe. Saiba ni rahisi zaidi.