Seva Ikifa Usiku Huu

Aa, jamani, acheni kubishana Subversion na Git ipi nyepesi kujifunza. Jibuni hili kwanza: seva ikifa usiku huu, historia mtaitoa wapi?

Kazini kwetu zamani tulitumia Subversion. Historia nzima ilikaa kwenye seva moja, chini ya meza ya mhasibu. Sisi wengine kila mmoja alibeba mafaili ya toleo alilochukua mara ya mwisho, basi. Siku diski ilipoanza kukwaruza kisha ikanyamaza, msimbo ulikuwepo kwenye kompyuta kumi na moja, lakini hakuna hata moja iliyojua nani aligusa hesabu ya kodi, lini na kwa nini. Bekapu? Ya miezi minane nyuma! Nilipiga msonyo ule, nusura nilie.

Sasa tazameni Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 watengenezaji wa Linux walipokosa kuitumia BitKeeper bure. Kila kloni iliyo kamili ina komiti zote. Mwaka 2011 wavamizi waliingia kwenye seva za kernel.org, nyumbani kwa Linux kwenyewe. Lakini kila komiti ina jina la tarakimu na herufi 40, linalokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na jina la komiti iliyoitangulia. Ukichezea mstari mmoja wa zamani, majina yote yanayofuata yanageuka, na maelfu ya watu wenye kloni zao wanaona hayalingani. Huibi kimyakimya hapo.

Ila msibweteke, wazee. Anayeokoa ni mwenye kloni iliyo kamili, aliyefanya `git fetch` karibuni kuliko wenzake. Seva mpya ikishasajiliwa kwake kwa jina `mpya`, aandike:

```
git rev-parse --is-shallow-repository
git fsck --full
git remote set-head origin -d
git push --tags mpya 'refs/remotes/origin/*:refs/heads/*'
```

Mstari wa kwanza lazima ujibu `false`. Ukijibu `true`, kloni ilichukuliwa kwa `--depth`, historia imekatwa mkia; atafutwe mwingine. Wa pili unakagua kama kuna kilichooza. Wa tatu unaondoa kielekezi cha `origin/HEAD`, kisije kikazaa tawi la uongo. Wa mwisho ndio unaorudisha matawi yote. Wengi husukuma `main` peke yake, wakashangilia, kumbe matawi ya wenzao yamebaki nyuma.

Na mijadala ya ukaguzi, orodha ya hitilafu, ruhusa za nani aingie wapi? Hayo hayamo kwenye kloni. Yanakaa kwenye seva, na yanahitaji bekapu yake, kama zamani zile.

Basi, kabla hamjafunga kompyuta leo, kila mtu aendeshe mistari miwili ya kwanza kwenye kloni yake.